Lebo Nane Zilizosomeka

Duka langu liko Moshi mjini, si mbali na Soko la Mbuyuni. Nauza vitu vya watoto wachanga: pampasi, vinguo, mablanketi, mabeseni ya kuogeshea, na vile vifurushi vya mama anayejiandaa kwenda kujifungua. Wateja wangu wengi hawafiki dukani. Wananiandikia WhatsApp, nawatajia bei, nafunga mzigo, kijana wa boda anawapelekea, wanalipa wakishaupokea. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka minne, na sikuwahi kujihesabu kuwa mtu anayetunza siri za watu. Nilijiona muuza pampasi tu.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi la Moshi limeshika kweli, oda zilikuwa kumi na tatu. Kwa duka la ukubwa wangu hiyo ni siku ya kumshukuru Mungu. Nikaipanga mizigo yote juu ya meza, mifuko ya kaki iliyokunjwa vizuri, kila mmoja na karatasi nyeupe niliyoibandika kwa selotepu. Kwenye karatasi nilikuwa naandika kwa maka peni: jina, namba ya simu, mtaa na alama ya nyumba, kilichomo ndani, na pesa iliyobaki. Mfano: jina la mama, namba yake, "Rau, geti jeusi baada ya kanisa", "pampasi newborn 2, blanketi", "BAKI 38,000". Nikapiga picha, nikaweka kwenye stetasi yangu ya WhatsApp na maneno "Mizigo ya leo inaondoka, asanteni wateja wangu". Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Saa sita kasoro mteja wa Rau akanipigia. "Dada, nimeshatuma ile elfu thelathini na nane, mbona boda hafiki?"

Nikamuuliza katuma wapi, maana mimi sijaona kitu. Akasema kijana wangu kampigia, kamtaja jina, kamwambia mzigo wake wa pampasi mbili na blanketi uko njiani, ila bosi amesema leo wateja wote walipe kabla kwa sababu kuna mtu jana alipokea mzigo akakimbia. Kisha akatumiwa meseji yenye namba ya kutumia pesa. Jina lililotokea wakati wa kutuma halikuwa langu, lakini yule kijana alikuwa ameshamwandaa: "litakuja jina la mhasibu."

Nilikaa chini. Kabla sijamaliza kumsikiliza, simu nyingine ikaingia.

Hadi saa nane mchana nilijua wateja saba wamepigiwa. Watatu walikuwa wametuma: 38,000, 52,000 na 22,500. Jumla 112,500. Wanne waligoma, mmoja kwa sababu hakuwa na salio tu, aliniambia mwenyewe kwamba angekuwa nalo angetuma.

Nieleze kosa la kwanza nililofanya baada ya hapo, kwa sababu naona wengi tungelifanya. Nilimshuku kijana wa boda. Nani mwingine anajua jina, namba, mzigo na pesa ya kila mteja? Orodha yote nilimtumia asubuhi kwa meseji. Nikampigia nikiwa nimepandisha, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinyamaza, halafu akasema, "Dada, hizi namba ninazo kila siku. Ningetaka kuwaibia ningekuwa nimewaibia mwaka jana." Akakata. Mizigo mitano iliyobaki akaipeleka hivyo hivyo, jioni akaniletea pesa yote bila kusalimia.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, anayefundisha hesabu sekondari. Alikuja jioni, akaniambia niache kulia, nichukue daftari. Akachora mistari, kushoto wateja wote kumi na watatu, kulia sehemu zote ambako namba zao zilikuwepo siku ile. Daftari la oda lilikuwa na wote kumi na watatu. Meseji ya boda ilikuwa na wote kumi na watatu. Akauliza, "Sasa kwa nini wamepigiwa saba?"

Tukafungua ile picha ya stetasi, tukaikuza kwa vidole. Mizigo mitatu ilikuwa imegeuka, karatasi iko upande wa ukuta. Miwili ilikuwa imefunikwa na mingine. Karatasi zilizosomeka zilikuwa nane. Wateja watano ambao karatasi zao hazikuonekana, hakuna hata mmoja aliyepigiwa. Kati ya nane waliosomeka, saba walipigiwa.

Na yule wa nane? Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Karatasi yake niliiandika kwa haraka, nikageuza tarakimu mbili za mwisho, badala ya 85 nikaweka 58. Kwenye daftari ilikuwa sawa, kwenye meseji ya boda ilikuwa sawa, kosa lilikuwa kwenye karatasi peke yake. Nikaipiga ile namba yenye makosa. Akapokea mzee, sauti nzito ya mtu aliyeamshwa. Kabla sijajieleza akasema, "Mama, nimeshamwambia mwenzako mchana, mimi sina mtoto mchanga. Nina wajukuu, na wote wanavaa suruali."

Basi. Tapeli alisoma karatasi zangu. Hakuiba daftari, hakununua namba popote, boda hakuhusika. Nilimpa mwenyewe, na bei nikamwandikia kwa herufi kubwa.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kijana wa boda kijiweni kwake, mbele ya wenzake kwa sababu na matusi yangu waliyasikia kwenye spika. Nilimwomba radhi. Alikubali, lakini ilichukua wiki kadhaa kabla hajaanza tena kunitania.

Ni nani aliyeichukua picha? Sijui, na nimeacha kutafuta. Stetasi ya WhatsApp inaonwa na watu mliohifadhiana namba, na mimi nilikuwa nimehifadhi kila aliyewahi kuniuliza bei. Kwenye ile alama ya jicho niliona watu 214 wameitazama. WhatsApp haikwambii nani kapiga skrinshoti ya stetasi. Niliifuta, lakini kufuta kunaondoa ya kwako tu. Iliyokwisha kupigwa skrinshoti iko kwenye simu ya mtu.

Nilichofanya Ijumaa ile ile, na ningekifanya tena vile vile ila mapema zaidi, ni kuwapigia wateja wote kumi na watatu. Si wale saba tu. Wakati napiga sikuwa bado nimejua kuhusu picha, na kama uvujaji ungekuwa wa daftari basi waliobaki wangepigiwa usiku. Kupiga simu kuwaambia watu "namba yako imevuja kwangu" ni kazi ngumu. Mara mbili nilianza kwa kuzunguka: kuna matapeli siku hizi, muwe makini. Mteja mmoja akanikatisha, mama mtu mzima, "Mwanangu, wamejuaje nimeagiza beseni la bluu?" Nikajua kuzunguka ni kumfanya mjinga. Baada ya hapo nilisema moja kwa moja: mzigo wako, jina lako na namba yako vimeonekana na mtu kupitia duka langu, usimtumie pesa yeyote hadi uone mzigo mkononi, na nikihitaji chochote nitakupigia kwa namba hii hii.

Wale watatu waliotuma niliwashauri wapigie huduma kwa wateja ya mtandao wao papo hapo waombe muamala uzuiwe. Wa Rau alipiga ndani ya nusu saa, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa. Ile meseji ya tapeli tuliisambaza kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, na Jumamosi nilikwenda polisi nikafungua taarifa nikapewa RB. Pesa haikurudi. Mizigo yao niliwapa bila kudai tena. Kwa bei ya kununulia ilinigharimu karibu 81,000, ukiacha nauli ya boda. Mume wangu aliniuliza kwa nini nilipe wizi wa mtu mwingine. Nilimjibu kwamba wale walimwamini mtu aliyetaja mzigo wao, na mzigo wao niliutaja mimi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Jumatatu alikuja dukani mteja wa Pasua.

Huyu alikuwa mmoja wa wale nane. Alipigiwa, akagoma kutuma, mzigo wake akaupata. Sikuwa na deni naye, ndivyo nilivyoona. Alisubiri mteja mwingine atoke, akasogea kwenye kaunta na mtoto mgongoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile picha bado ipo. Nikamwambia nimeifuta. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba alitoka kwa mume wake akiwa na mimba ya miezi minne, kwa sababu ambazo hakuzitaja na sikuuliza, na kwamba upande ule haukujua anakaa wapi wala kama ameshajifungua. Wifi yake ni mteja wangu. Jumamosi usiku yule mume alisimama kwenye geti lake.

"Hakuingia," akasema. "Majirani walitoka. Lakini dada, umemwonyesha mlango wangu."

Nilikwenda nyuma ya duka nikaitafuta ile picha kwenye simu. Karatasi yake ilikuwa ya mbele kabisa. Jina, namba, "Pasua", rangi ya geti na kibanda cha chipsi kilichoko jirani, "newborn". Tapeli alihitaji namba na pesa. Huyu mume hakuhitaji vyote hivyo, mtaa, geti na neno "newborn" vilimtosha.

Sikuwa na la kurudisha. Elfu hamsini na mbili unaweza kuirudisha kwa mzigo. Nilimuuliza anataka nifanye nini, akasema nimfute kila mahali. Nikamwambia sawa, ni dakika moja. Haikuwa dakika moja. Tulikaa naye pale na nikawa nahesabu: jina lake kwenye simu yangu, limeandikwa na mtaa wake pembeni, mazungumzo yetu ya WhatsApp, pamoja na ramani ya nyumba aliyonitumia, daftari la oda, meseji niliyomtumia boda, ile karatasi ya lebo, ambayo boda alinirudishia ikiwa imesainiwa na ikawa kwenye boksi la risiti, na picha yenyewe, ambayo niliifuta kwenye stetasi lakini ilikuwa bado kwenye picha za simu. Sehemu sita kwa mtu aliyenunua mara mbili. Wakati natafuta nikafungua na ile sehemu ya WhatsApp iitwayo Linked devices, nikakuta kompyuta nisiyoijua. Nilipokumbuka niliona aibu: miezi mitatu nyuma niliingia steshenari kuchapisha orodha ya bei, nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, nikaondoka bila kuifunga. Muda wote huo mtu yeyote aliyekaa kwenye kile kiti angeweza kusoma mazungumzo yangu. Kama hujawahi kuangalia hapo, angalia leo. Ukiona kifaa usichokifahamu, kiguse uchague Log out.

Mdogo wangu ndiye aliyenitajia sheria. Nilikuwa nafikiri mambo ya taarifa binafsi ni ya mabenki na kampuni za simu. Kumbe ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haikusema lazima uwe na kompyuta au jengo la ghorofa. Anayeamua achukue taarifa gani za mtu na azitumie kwa lengo gani anaitwa mkusanyaji, na kwa daftari langu la oda mimi ni mkusanyaji. Sheria inataka wakusanyaji wajisajili kwenye Tume, na kukiwa na uvunjifu wa usalama wa taarifa, Tume ijulishwe bila kuchelewa. Mimi sikuwa nimejisajili wala sikuijulisha Tume. Usajili nimeuanza baadaye, kwa kuchelewa, na nasema hivyo ili usinione mwalimu.

Kilichonitisha ni kifungu cha adhabu: mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume na lengo zilizokusanyiwa, bila sababu ya msingi, anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote pamoja. Lakini kilichonisaidia ni yale maneno "kinyume na lengo". Ukiyashika hayo, mengine unaweza kuyafikiria mwenyewe ukiwa dukani. Mama wa Pasua alinipa mtaa wake ili mzigo ufike. Hakunipa ili nipambe stetasi. Namba ya mteja wa Rau niliichukua ili boda ampigie akifika. Nilipokuwa namtumia matangazo ya mablanketi kila Jumapili nilikuwa naitumia kwa jambo jingine, na ilibidi kwanza nimuulize, na akisema niache, niache.

Sasa naeleza ninavyofanya kazi leo, maana watu huniuliza hilo. Nilibadilisha njia ambayo namba inapita, kutoka kinywani mwa mteja hadi mzigo unapofika.

Kila oda ina namba yake ya duka. Mteja wa kwanza wa mwezi ni 1, anayefuata 2. Kwenye karatasi ya mzigo kuna vitu viwili tu, hiyo namba na mtaa: "47, Rau". Hakuna jina, simu, kilichomo wala pesa. Mfuko ukipotea njiani, aliyeuokota anajua kuna mtu Rau. Ukipigwa picha, hakuna cha kusoma.

Daftari nimelivunja mara mbili. La kwanza ni la mauzo: namba ya oda, bidhaa, kiasi, tarehe. Hilo nalitunza, kwa sababu kumbukumbu za biashara zinahitajika kwa mambo ya kodi, na mambo ya kodi hayahitaji kujua mama fulani ana geti jeusi. La pili ni la kupeleka: namba ya oda, jina, simu, mahali. Hili ni la karatasi za kuchana, linakaa kwenye droo yenye kufuli, si juu ya kaunta ambako zamani mteja aliyekuja kununua chuchu ya chupa alikuwa anasoma wateja wote wa wiki akisubiri chenji. Siku kumi na nne baada ya mzigo kufika, karatasi inachanwa na kuchomwa na taka. Kwa nini kumi na nne? Kwa sababu nabadilisha vinguo visivyoenea ndani ya wiki mbili. Kama wewe unatoa dhamana ya miezi sita kwa unachouza, muda wako utakuwa mwingine. Chagua kwa sababu ya biashara yako, si kwa kunakili wangu.

Boda alinisumbua kichwa zaidi. Lazima ampigie mteja, hilo halikwepeki. Lakini namba ikishaingia kwenye simu yake binafsi, inakaa humo. Na hapa nikiri kitu nilichokuwa nakijua kabla ya Ijumaa ile nikakipuuza: mteja mmoja aliwahi kuniambia kijana wa boda niliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa anamtumia "mambo mrembo" saa nne usiku. Nilicheka, nikamwambia dada ndio vijana walivyo. Yule dada hakuagiza tena kwangu, na sasa naelewa kwa nini.

Nikanunua kitochi, 28,000, na laini iliyosajiliwa kwa jina langu. Kinakaa dukani. Asubuhi naingiza namba za siku hiyo, kila moja kwa namba ya oda: 47, 48, 49. Boda anaondoka nacho, akifika Rau anapiga 47. Jioni anakirudisha, tunafuta namba, meseji na orodha ya simu zilizopigwa mbele ya macho yetu wote wawili. Faida moja sikuitarajia: wateja wameizoea namba ya kitochi, na akipiga mtu kwa namba nyingine akajiita kijana wa duka, wanamkatia.

Usidhani kinaenda vizuri kila siku. Mwezi wa kwanza wateja hawakupokea namba ngeni, boda akawa anasimama getini anapiga hodi. Ikabidi kila anayeagiza nimwambie mapema namba itakayompigia. Siku moja kitochi kiliisha chaji Kiboriloni, akanipigia kwa simu yake akiomba namba za wawili waliobaki. Niliwapigia mimi mwenyewe kutoka dukani, nikamwambia asubiri. Alilalamika, mvua ilikuwa inanyesha, na nadhani alikuwa na haki ya kulalamika.

Mizigo ya kwenda Arusha, Same na Rombo kwa basi sijaipatia dawa kamili. Ofisi za mabasi zinataka jina na namba ya mpokeaji, na karani anaziandika juu ya boksi kwa maka peni kubwa, kila mpiga debe wa stendi anazisoma. Ninachoweza ni kupunguza: naandika jina moja tu, siandiki kilichomo, na namweleza mteja kabla kwamba namba yake itaonekana stendi. Wengine hunipa namba ya ndugu atakayepokea. Ni haki yao kuchagua wakiwa wanajua.

Na kuna wale wanaokuja kaunta. "Nipe namba ya mama fulani, ni shemeji yangu, simu yangu imeibiwa." Zamani nilitoa, katika mji kama wetu, ambapo kila mtu ni mtoto wa mtu unayemjua, kukataa ni kama kumtukana. Siku hizi nachukua namba ya anayeuliza, namwambia nitamfikishia ujumbe. Baba mmoja aliniuliza kama namwona mwizi. Nilimwambia hapana baba, hata wewe mtu akija kuuliza yako nitamfanyia hivi hivi. Aliondoka amekasirika. Nilipompigia huyo mama akaniambia, "Huyo mwambie nimehama." Sikumwambia chochote.

Stetasi bado naweka, biashara haiendi bila picha. Lakini napiga vinguo vikiwa vimetandikwa kabla ya kufungwa, au mifuko ikiwa haijabandikwa karatasi, na kabla ya kuweka naikuza picha kwa vidole kona zote nne, pamoja na kilichoko nyuma. Mara moja nilikuta ukurasa wa daftari umejitokeza kwenye kioo cha kabati. Haukusomeka, lakini nilipiga nyingine.

Mama wa Pasua amehama kweli. Mwezi wa kumi na moja niliona ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu: pampasi saizi ya tatu, pakiti mbili, na sweta. Niliuliza nipeleke wapi. Akajibu, "Usipeleke. Nitatuma mtu, atasema namba ya oda." Nikamjibu oda yake ni 63. Jioni alikuja binti mdogo wa shule, sare bado mwilini, akasema sitini na tatu, akachukua mfuko, akalipa, akaondoka. Sikumuuliza anatoka wapi.